Marejesho ya Deni Wakati wa Likizo ya Uzazi: Namna ya Kuyapanga Kabla Mtoto Hajazaliwa

Alhamdulillaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam).

Miongoni mwa maswali yanayorudi mara kwa mara kutoka kwa dada zetu walioajiriwa ni hili: nina deni la benki la muraabaha, ninatarajia kujifungua, na kipato kitapungua kwa miezi kadhaa. Je, nikichelewesha marejesho ninapata dhambi? Na benki ikiniongezea pesa kwa kuchelewa, hiyo ni riba?

Maswali yote mawili yana majibu, na tutayafikia in shaa Allaah. Lakini mara nyingi swali huulizwa pale rejesho la pili limeshapita, mdhamini ameshapigiwa simu, na mama ana mtoto wa wiki tano mapajani. Wakati huo milango mingi imeshafungwa. Kwa hiyo makala hii inaanza nyuma kidogo, mimba ikiwa na miezi minne au mitano, wakati mambo bado yanapangika.

Kipato hupungua vipi ikiwa likizo ina mshahara?

Wengi hujiambia kwamba likizo ya uzazi ni ya malipo, kwa hiyo hakuna tatizo. Ni kweli kwamba sheria inampa mama mshahara wake. Huku Unguja na Pemba Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 inataja siku 90, na siku 100 akijaaliwa mapacha. Ndugu zetu wa Mafia wako chini ya sheria ya Bara ya 2004, yenye siku 84 na 100. Wa Lamu wanafuata sheria ya Kenya ya 2007, yenye miezi mitatu. Siku hizi ni za kalenda, Ijumaa na sikukuu zote zimo. Mama akianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, basi wiki hizo nne zimeshaliwa.

Jambo la kuangalia mapema ni kwamba katika sheria zetu za Tanzania likizo yenye malipo huhesabiwa kwa mzunguko wa miaka mitatu. Mwenye kushika mimba tena kabla ya mzunguko kwisha aende kwa afisa utumishi akaulize hesabu yake imekaa vipi, asije akagundua mwisho wa mwezi.

Basi kipato kinapungua wapi? Kinapungua katika vile vitu ambavyo havimo ndani ya mshahara. Muuguzi hukosa posho ya zamu za usiku. Mfanyakazi wa hoteli hukosa bakshishi. Mwalimu hukosa tuisheni. Posho ya nauli na chakula, ambayo hulipwa kwa siku za kuwepo kazini, nayo husimama. Na mama aliyekuwa akiuza maandazi asubuhi kabla ya kwenda kazini hatayauza akiwa uzazini. Familia nyingi huishi kwa hivi vya pembeni, na mshahara wenyewe umeshashikwa na makato ya deni tangu haujatoka.

Tuchukue mfano

Tuseme ni mwalimu wa skuli binafsi huko Chake Chake. Huu ni mfano tu, msomaji aweke hesabu zake. Mshahara wake baada ya makato ya kawaida ni shilingi 380,000. Tuisheni ya jioni humpa 150,000, na posho ya siku za kazi 70,000. Jumla 600,000 kwa mwezi.

Mwaka jana alinunua mabati na mbao za nyumba yao kwa muraabaha. Benki ilinunua vifaa kwa 4,800,000, ikamuuzia kwa 5,760,000 kwa marejesho 24, kila mwezi 240,000. Matumizi yake mengine ni 100,000 anazompelekea mama yake mzazi, nauli 60,000, mchezo wa upatu 50,000, na 150,000 zinazoingia nyumbani kwake kwa chakula na mahitaji. Ukijumlisha ni 600,000. Hakuna kinachobaki, na hivyo ndivyo hali ilivyo kwa wengi.

Sasa aingie likizo. Mshahara unabaki 380,000, tuisheni na posho vimesimama. Nauli haihitajiki, lakini mtoto ana mahitaji yake: pampasi, kliniki, sabuni, gari ya kukodi pale mtoto anapochemka usiku. Tukadirie 60,000. Kwa hiyo matumizi yanabaki 600,000 vilevile, na upungufu ni 220,000 kila mwezi. Kwa miezi mitatu ni 660,000.

Watu wengi huishia hapo katika hesabu zao, na hapo ndipo wanapokosea. Siku ya kurudi kazini si siku ambayo kipato kinarudi. Posho itarudi, lakini wanafunzi wa tuisheni walishahamia kwa mwalimu mwengine, na watarudi mmoja mmoja. Papo hapo nauli imerudi, na mtoto anahitaji wa kumwangalia mchana. Hata akiwa ni jirani au binti wa ukoo, si vizuri kumtumikisha bure, tuweke 70,000. Mwezi wa nne basi unaingiza 450,000 na kutoa 730,000. Upungufu wake ni 280,000, mkubwa kuliko mwezi wowote wa likizo. Ukijumlisha na ile 660,000, pengo lote ni 940,000.

Namba hii moja ndiyo anayotakiwa kuijua mama huyu akiwa na mimba ya miezi mitano, na ampe mumewe aione. Mpango wote unaanzia hapo.

Nani anabeba nini

Hapa tunaingia katika jambo ambalo kwenye nyumba zetu huzungumzwa kwa kuonana haya. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu wa mume, hata mke akiwa na mshahara mkubwa kuliko wake. Mali ya mke ni yake. Anachoingiza nyumbani ni wema wake, na ana thawabu kwacho. Lakini deni lililoandikwa kwa jina la mke ni deni lake yeye, benki itamdai yeye, hata kama mabati yamepaa juu ya nyumba ya wote wawili.

Kwa hiyo katika mfano wetu, ile 150,000 ya matumizi ya nyumbani ndipo pa kuanzia mazungumzo. Tuseme mume ni mvuvi, mapato yake hupanda na kushuka kwa upepo. Akakubali kubeba 90,000 kati ya zile 150,000, kuanzia sasa hivi, na si kuanzia mtoto atakapozaliwa. Jambo hili linafanya kazi mbili. Katika miezi minne iliyobaki kabla ya likizo, mke anaweka 90,000 kila mwezi, akiba ya 360,000. Na katika miezi minne ya upungufu, matumizi yake yamepungua kwa 90,000 kila mwezi, yaani 360,000 nyengine. Pengo la 940,000 sasa limebaki 220,000.

Na ikiwa mume atamlipia mke rejesho zima la benki, na waelewane tangu mwanzo: ni zawadi, au ni karadha atakayorudishiwa? Likiwa ni karadha waliandike, kama aya ya deni katika Suratul Baqara (282) ilivyoelekeza kuandika deni la muda maalumu. Tumeona ndoa zikiingia mashakani kwa laki tatu ambazo mmoja aliziita msaada na mwengine akaziita deni.

Upatu nao una hukumu yake. Aliyekwisha kupokea zamu yake anadaiwa na wenzake, hawezi kujitoa kwa sababu ya uzazi. Ambaye hajapokea anaweza kuwaomba wenzake wampe zamu inayoangukia ndani ya likizo. Katika michezo ya akina mama wanaojuana hili hukubaliwa bila taabu, ila liombwe mapema kabla zamu hazijapangwa.

Akika pia huingia katika hesabu, na haifai kuisahau. Ni sunna inayomhusu baba mwenye kubeba nafaka, na asiye na uwezo siku ya saba anaweza kuichelewesha mpaka apate. Pesa ya rejesho isiende kununua mbuzi.

Akiba au kulipa mbele?

Baadhi ya dada hupenda kulipa marejesho mawili matatu mbele kabla ya kujifungua ili wapumue. Ni nia njema, lakini tunaona kuweka akiba ni salama zaidi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, katika muraabaha bei imeshakatika. Shilingi 5,760,000 ni bei ya mabati na mbao, haipungui kwa sababu umelipa mapema, isipokuwa benki yenyewe ipende kusamehe kitu. Kwa hiyo kulipa mbele hakukupi faida ya pesa, na kunakuondolea fedha taslimu mkononi wakati ambao huenda ukahitaji kupelekwa hospitali kwa dharura, au kuvuka kwenda Unguja.

Ya pili ni ya kiofisi. Benki ikipokea pesa ya ziada bila maelezo, mfumo wake unaweza kuihesabu kuwa ni ya marejesho ya mwisho kabisa wa mkataba. Mama anadhani amelipia miezi miwili ya likizo, kumbe amelipia mwezi wa 23 na wa 24, na rejesho la mwezi ujao bado anadaiwa. Aliyeamua kulipa mbele aandike barua inayotaja miezi anayoilipia, na akae na nakala yenye muhuri.

Akiba yenyewe isikae katika akaunti ileile inayopitia mshahara na makato. Ikikaa hapo itachanganyika na matumizi.

Kwenda benki

Imebaki 220,000, na rejesho moja ni 240,000. Kwa hesabu tupu, kusogezewa rejesho moja kunatosha. Sisi tunamshauri aombe mawili, la mwezi wa tatu na la mwezi wa nne, kwa sababu mwezi wa tano tuisheni itakuwa haijarudi yote.

Tuufuate mfuko wake. Anaingia likizo na akiba ya 360,000. Kila mwezi wa likizo, baada ya msaada wa mume, anapungukiwa 130,000. Mwisho wa mwezi wa kwanza akiba ni 230,000, mwisho wa wa pili ni 100,000. Mwezi wa tatu rejesho limesogezwa, kwa hiyo badala ya kupungua inapanda kuwa 210,000. Mwezi wa nne upungufu ni 190,000, lakini rejesho nalo limesogezwa, anamaliza na 260,000. Mwezi wa tano anaanza tena kulipa 240,000, na hata tuisheni ikirudi nusu tu, akiba inabakia na 145,000. Deni sasa litakwisha mwezi wa 26 badala ya wa 24. Jumla yake ni ileile 5,760,000.

Msomaji aishike hiyo jumla, kwani ndiyo kipimo. Ukitoka benki na karatasi mpya yenye muda mrefu zaidi na jumla ileile, umepewa muda. Ukitoka na jumla iliyoongezeka, umeuziwa muda.

Ombi lipelekwe miezi miwili kabla ya likizo, wakati hujachelewa hata rejesho moja. Afisa wa benki husikiliza tofauti mteja ambaye rekodi yake ni safi na yule aliyekwisha kuchelewa. Barua iwe fupi: jina na namba ya akaunti ya deni, tarehe ya kuanza na kumaliza likizo, marejesho mawili unayoomba yasogezwe kwa tarehe zake, tarehe utakayoanza tena kulipa, na sentensi inayosema kwamba unaomba muda tu bila nyongeza yoyote juu ya bei ya mauzo. Ambatisha barua ya mwajiri ya likizo na karatasi ya mshahara ya karibuni. Omba jibu la maandishi na jedwali jipya la marejesho. Ahadi ya mdomo ya afisa haiingii katika mfumo. Yeye atahamishwa tawi, na makato yataendelea.

Ikiwa deni lako hukatwa na mwajiri moja kwa moja, jibu la benki ulifikishe wewe mwenyewe kwa mhasibu wa ofisini. Yeye hukata kwa orodha aliyonayo. Na ikiwa una mdhamini, mjulishe kabla hajajulishwa na benki. Ni haki yake, kwani naye amefungwa na mkataba ule.

Hukumu ya nyongeza, faini na mkataba mpya

Sasa tuje kwenye maswali yaliyoulizwa mwanzo.

Muraabaha ni mauziano. Bei ya mkopo inaweza kuwa juu kuliko ya taslimu, na hilo limekubaliwa na jamhuri ya wanazuoni. Lakini bei ikishakatika na kuwa deni, haiongezwi kwa kuongezwa muda. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jedda mwaka 1990 lilipitisha hili waziwazi: mnunuzi akichelewa marejesho haifai kumlazimisha nyongeza yoyote, iwe ilishurutishwa mwanzo au haikushurutishwa, kwani hiyo ni riba. Kwa hiyo afisa akikwambia kwamba miezi miwili itasogezwa kwa malipo ya elfu kadhaa kila mwezi, usikubali. Omba suala lipelekwe kwa bodi ya sharia ya benki hiyo. Mabenki yetu yenye huduma za Kiislamu yana bodi hizo, na mteja ana haki ya kuuliza.

Baraza hilohilo liliruhusu sharti jengine ambalo wateja wengi hawalisomi: kwamba mnunuzi akichelewa baadhi ya marejesho, yaliyobaki yote yanakuwa ya kulipwa papo hapo. Tafuta kifungu hicho katika mkataba wako uone ni marejesho mangapi, mawili au matatu. Hiyo ndiyo hatari ya kukaa kimya ukisubiri hali itengenee. Aliyekubaliwa kusogezewa mawili hajachelewa kitu; aliyenyamaza akaacha mawili anaweza kudaiwa deni zima. Vilevile, kwa kanuni za mabenki, deni lililopita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa ni deni baya, na taarifa hiyo humfuata mtu anapoomba tena siku za mbele.

Kuna mikataba yenye kifungu cha faini ya kuchelewa inayopelekwa kwenye sadaka. Wanazuoni wa viwango vya AAOIFI wamekiruhusu kwa masharti: benki isiingize faini hiyo katika faida yake, na alengwe mwenye uwezo anayekawiza makusudi. Mwenye dhiki halengwi. Kwa hiyo ukitozwa na hali yako ni ya uzazi na kipato kimepungua, andika uombe uondolewe, ukiambatisha barua yako ya likizo.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya mkataba mpya. Mteja amekwama, anaambiwa: tukuuzie bidhaa nyengine kwa muraabaha, uiuze, upate pesa ya kumaliza deni la zamani. Juu ya karatasi ni mauziano mawili. Kwa uhakika wake deni la 3,000,000 limegeuka kuwa la 3,500,000 kwa sababu mdaiwa hakuweza kulipa. Wanazuoni wanaita kugeuza deni, na wamelikataza kwa mwenye dhiki kwani ni njia ya kuifikia riba ileile iliyofungwa mlango wa mbele. Utaitambua kwa alama moja: lengo la bidhaa mpya ni kulipa deni la zamani kwa benki hiyohiyo, na wewe bidhaa hiyo huihitaji.

Mkataba ukiwa wa ijaara, yaani benki inamiliki chombo au nyumba na wewe ni mpangaji, mambo ni tofauti kidogo. Kodi ya miezi ambayo bado haijafika inaweza kupangwa upya kwa makubaliano ya pande mbili. Kodi iliyokwishapita na haikulipwa hiyo ni deni, na haiongezwi.

Ama aliyekwisha kuingia katika mkopo wa riba, wa benki ya kawaida au wa saccos, naye ajue kwamba "kupumzishwa marejesho" huko kwa kawaida hakusimamishi riba. Salio likiwa 3,000,000 kwa asilimia 1.5 ya mwezi, kila mwezi wa mapumziko huzaa 45,000 zinazopandishwa juu ya deni. Kwake yeye kuendelea kulipa kwa kutumia akiba, au kupata karadha njema kutoka kwa ndugu, ni bora kuliko mapumziko hayo.

Je, anayechelewesha anapata dhambi? Mwenye dhiki ya kweli ana haki ya kungojewa; hilo limo katika Suratul Baqara (280). Mwenye uwezo akikawiza, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameita hiyo ni dhulma. Baina ya hawa wawili wako wengi. Mwenye mkufu na bangili za dhahabu za akiba, zaidi ya pambo lake la kawaida, ni vigumu kumwita mwenye dhiki kwa ajili ya 220,000. Huyo anaweza kuomba kusogezewa kama mteja yeyote, na benki ikiridhia ni halali yake. Lakini asiape kwamba hana kitu.

Mwezi wa ziada bila mshahara

Tumeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu mipango mingi mizuri. Mama alianza likizo mapema, mtoto sasa ana miezi miwili, moyo haukubali kumwacha. Anaomba mwezi mmoja wa ziada bila malipo. Mwajiri anakubali, na wote wanaona ni wepesi.

Turudi kwenye mfano wetu. Mwezi huo ukichukua nafasi ya mwezi wa nne, kipato ni sifuri. Nauli na mlezi hawapo, matumizi ni 600,000, mume amebeba 90,000. Upungufu ni 510,000. Miezi mitatu yote ya likizo, ukijumlisha, ilimpunguzia 390,000. Yaani mwezi mmoja bila mshahara umekula zaidi ya miezi mitatu ya likizo. Hata akiwa amesogezewa marejesho mawili, anamaliza mwezi akiwa na deni la 60,000 dukani, na bado mwezi wa kurudi kazini, ambao ndio mgumu, haujaanza.

Na kuna la kiofisi tena. Mwezi usio na mshahara hauna makato. Mhasibu hana cha kukata, benki haijaambiwa kitu, na deni linaanza kuchelewa bila mama mwenyewe kujua.

Hatusemi asikae na mtoto wake. Tunasema aamue mapema. Likizo ya mwaka ni ya malipo; asiitumie mwaka huo, aiunganishe na ya uzazi ikiwa mwajiri anaridhia. Walimu hili huwa gumu kwao, kwani likizo yao hufuata ya skuli, hivyo wao waangalie zaidi tarehe ya kuanza: daktari akiruhusu, na mwili ukiruhusu, kila wiki ya kazi kabla ya kujifungua ni wiki moja zaidi na mtoto baadaye. Na ikiwa mwezi bila mshahara hauna budi, basi barua ya benki iombe marejesho matatu badala ya mawili, na iandikwe kabla ya likizo kuanza, pamoja na yale mengine.

Na Allaah Anajua zaidi.